Mwombaji namba 17 na alama 58.75

Fomu yangu ilisema 57.5. Ya mwenzangu wa rasilimali watu ilisema 85. Wasifu ni uleule wa kurasa 3, tangazo la kazi ni lilelile, na tuliusoma asubuhi moja kwenye chumba kimoja hapa Kigoma mjini, kila mtu na kalamu yake. Kizingiti cha kuitwa kwenye usaili kilikuwa 60. Kwa fomu yangu mwombaji anarudi nyumbani, kwa fomu yake anaongoza mchujo mzima.

Njia rahisi ilikuwa kujumlisha na kugawa kwa 2. Ingetoka 71.25, mwombaji angeitwa, nasi tungewahi chai. Tulikataa kwa sababu ya kanuni tuliyojiwekea kabla ya kufungua bahasha: wasaili wakipishana zaidi ya alama 1 kwenye kigezo kimoja, hakuna kugawa kwa 2. Kila mmoja anaweka kidole kwenye mstari uliompa alama, anausoma kwa sauti, halafu ndiyo mnaongea.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Shirika letu linashughulika na maji na afya kwenye vijiji vya mwambao wa ziwa na vile vya milimani kuelekea Buhigwe. Tulitafuta Afisa Mawasiliano mmoja. Tangazo lilitaja majukumu matatu: kuandika na kusambaza taarifa kwa vyombo vya habari, kuendesha kurasa za mitandao ya kijamii pamoja na kujibu maoni, na kuandaa ujumbe wa shirika wakati wa dharura na uvumi kwa idhini ya mkurugenzi. Liliomba pia sampuli 2 za maandishi. Uzito tuliugawa hivi: taarifa kwa vyombo vya habari 40, mitandao 25, dharura 35.

Hiyo 35 ilibishaniwa. Bosi aliiona kubwa, kwa hoja kwamba dharura haiji kila siku. Lakini aliyekuwa Kigoma Mei 2015 anakumbuka Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana kwenye kile kijiji cha wavuvi mpakani, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa kazi yake kuwasomba watu kuwaleta mjini. Dharura zetu za kawaida ni ndogo kuliko hiyo, ila ni za ukoo mmoja. Dawa ya maji ikianza kutumika kijijini, haipiti muda mrefu kabla mtu hajasema kilabuni kwamba inamaliza nguvu za kiume. Wiki inayofuata ndoo zinarudi kujazwa ziwani. Afisa anayeandika taarifa tamu za uzinduzi lakini ananyamaza siku hiyo hatufai, kwa hiyo 35 ikabaki.

Maombi yalikuja 64. Masharti ya lazima, yaani shahada inayohusika na uzoefu wa miaka 3, hatukuyapa alama. Hayo ni mlango tu: unapita au hupiti. Ukianza kumpa mtu alama kwa kila mwaka wa ziada, utajikuta umemweka juu mzee wa miaka 15 kazini ambaye hajawahi kuandika taarifa moja. Waliopita mlango walikuwa 22.

Namba 17 nusura atukwaze hapo mlangoni. Muhtasari wake ulidai uzoefu wa "zaidi ya miaka 8". Tukahesabu kwa miezi. Redio ya jamii, 2017 hadi 2019, bila miezi kutajwa. Kampuni ya boti za abiria, Machi 2020 hadi Desemba 2022, miezi 34. Asasi ya vijana, Juni 2022 hadi Agosti 2024 tulipofunga maombi, miezi 27. Ukiichukua ile redio kuwa miezi 36 kamili na kujumlisha yote, unapata 97, na ndiyo hiyo miaka 8 yake. Ila kazi mbili za mwisho zinalaliana kwa miezi 7, na mtu haishi mwezi mmoja mara mbili. Zinabaki 54. Redio nayo, kwa kuwa imeandikwa miaka mitupu, yaweza kuwa miezi 36, au ikawa pungufu sana: mtu aliyeanza Desemba 2017 na kuondoka Januari 2019 ataandika "2017–2019" bila kudanganya, na ni miezi 14 tu. Hatukuihitaji. Miezi 54 ni miaka 4 na nusu, sharti ni 3, akapita. Sikumwona mwongo, wengi hujumlisha hivyo kwa haraka. Ila nilipiga mstari chini ya ile 8.

Kabla ya kusoma, karani alikuwa ameziba kwa karatasi jina, picha, umri, dini, hali ya ndoa na mahali pa kuzaliwa. Sivii zetu bado hubeba mambo hayo yote, utadhani ni posa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ndoa, umri na mengine, na kwa kifungu hicho mwombaji kazi naye analindwa. Kiswahili nacho kilisaidia: "aliandika", "alisimamia", hujui ni mwanamke au mwanamume. Sikujua hadi siku ya usaili.

Kila kigezo kilikuwa na alama 0 hadi 4. Sifuri, hakuna kitu. Moja, kudai kwa maneno tu. Mbili, kazi imefanyika na kuna kiasi au mfano, lakini kazi yenyewe hatuioni au ina kasoro kubwa. Tatu, ameifanya mwenyewe, inaonekana, iko sawa, na tunajua ilifika wapi. Nne ni tatu pamoja na kuweka utaratibu ambao wengine waliufuata. Unagawa alama kwa 4, unazidisha kwa uzito. Kwa hiyo hatua moja kwenye taarifa za vyombo vya habari ni 10, kwenye mitandao ni 6.25, kwenye dharura ni 8.75. Shika hizo namba tatu, nitazirudia.

Mimi nilikuwa nimetoa 3, 3 na 1. Mwenzangu 4, 3 na 3.

Tukaanza na dharura, maana ndiko tulikoachana kwa hatua mbili. "Dada, weka kidole," nikamwambia. Akakiweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: "Mtaalamu mahiri wa mawasiliano ya dharura, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo na kulinda taswira ya taasisi."

Nikacheka, naye akacheka kabla sijasema kitu. Sentensi ile ilikuwa tangazo letu wenyewe limevuliwa kanga na kuvikwa kitenge. "Mawasiliano ya dharura" yamo, "taasisi" imo. Hakuna tarehe, hakuna tukio, hakuna aliyeambiwa kitu. Kwa kipimo chetu ni alama 1, na mimi nilikuwa nimeipa 1 hiyohiyo, nikaona nimemaliza kazi. Hilo ndilo kosa langu. Nilimwadhibu kwa ile sentensi tupu, nikapita haraka sehemu nyingine nikiwa tayari nimeshaamua ni mpiga domo.

"Na wewe kaka, weka chako," akasema. Sikuwa na pa kukiweka. Nikarudi kusoma mstari kwa mstari, na kwenye ukurasa wa pili, chini ya kampuni ya boti, kazi iliyoitwa "Ofisa Habari na Masoko", katikati ya vipeperushi na ratiba za safari, kulikuwa na maneno haya:

"Agosti 2021: boti ilizima injini usiku ikiwa na abiria wapatao 60, ikakaa ziwani kwa muda wa saa 11. Niliandika taarifa ya kwanza saa 4:20 usiku, kama dakika 50 baada ya simu ya nahodha, nikaihuisha kila baada ya saa 2 kwa redio, WhatsApp na ubao wa gatini, na kuandaa majibu kwa maswali ya ndugu."

Neno dharura halimo humo. Taharuki halimo. Ukitafuta kwa macho maneno ya tangazo, kama tulivyofanya sote wawili, unaruka. Lakini hebu iangalie kwa jicho la mtu aliyewahi kukaa upande ule wa simu. Agosti ni msimu wa upepo wa kusini mashariki, ziwa huchafuka. Boti za kwenda vijiji vya kusini kama Sigunga na Kalya zinabeba ndugu wa watu ambao simu zao huko hazipatikani kila mahali. Gatini kuna watu wanalia tayari. Kinachohitajika saa ile ni taarifa ya awali: tunachokijua, tusichokijua bado, tunachofanya, na saa ngapi tutasema tena. Hiyo "kila baada ya saa 2" ndiyo iliyonishika. Mtu asiyejua kazi huandika "nilitoa taarifa kwa wakati". Anayejua anakumbuka saa, maana aliahidi saa hiyo mbele ya watu na watu walikuwa wanaitazama. Na ubao wa gatini! Mama aliyekaa pale na khanga kichwani hafuati ukurasa wa kampuni. Anasoma ubao, au anamuuliza aliyesoma ubao.

Tukakubaliana 3. Mwenzangu alikuwa na namba sahihi kwa sababu mbovu, mimi nilikuwa na sababu nzuri ya namba mbovu. Tungegawa kwa 2 angepata alama 2, na hakuna kati yetu ambaye angejua ule mstari upo.

Niseme jambo moja pembeni. Kwenye rundo lilelile kulikuwa na mwombaji mwingine aliyejisifu kwamba kwenye ajali fulani alikuwa "wa kwanza kuwapa waandishi idadi ya waliofariki". Mwenzangu alitaka kumpa 3 kwa kasi. Nikapinga hadi mwisho. Idadi ya waliokufa kwenye ajali husemwa na polisi au uongozi wa mkoa, mlipuko wa ugonjwa hutangazwa na Wizara ya Afya. Machi 2023 virusi vya Marburg vilipothibitika Kagera, aliyetangaza alikuwa Waziri wa Afya. Ofisa mawasiliano wa shirika anayekimbilia namba za maiti anaweza kukufungia mradi kabla ya saa 6 mchana. Kasi yake ilikuwa kweli, ila ilikuwa kasi ya kuelekea shimoni. Tukampa 1, na bado naona tulimhurumia.

Turudi kwa namba 17. Taarifa kwa vyombo vya habari: mimi 3, mwenzangu 4, tofauti ya hatua moja, kikanuni tungeweza kuiacha. Lakini dharura ilikuwa imetutia aibu, tukajiuliza kama tumefungua sampuli. Hakuna aliyefungua. Zilikuwa nyuma, zimebanwa kwa pini peke yake, na sote tulikuwa tumetoa alama kwa mstari mmoja unaosema aliandika taarifa 40 katika asasi ya vijana na kwamba zilitoka redioni na magazetini. Arobaini kwa miezi 27 ni kama 3 kila miezi 2. Inaaminika.

Sampuli ya kwanza haikuwa taarifa hata kidogo. Ilikuwa mwaliko wa waandishi: siku, ukumbi, saa, "mnakaribishwa". Mwaliko ni kazi ya ofisa mawasiliano, sikatai, lakini ni kitu kingine, na mtu anayeita vyote viwili kwa jina moja ananifanya nijiulize ngapi kati ya zile 40 zilikuwa mialiko.

Ya pili ilikuwa taarifa kweli. Kichwa chake kizuri, kifupi, kina kitenzi. Halafu aya ya kwanza, mistari 6: mgeni rasmi na cheo chake chote, aliyemwakilisha, mwenyekiti, katibu, wazazi, viongozi wa dini, itifaki imezingatiwa. Aya ya pili, shukrani. Habari yenyewe, kwamba vijana 120 wamemaliza mafunzo ya ushonaji na kupewa vyerehani, ilikuwa imejificha aya ya tatu kama kuku aliyeatamia. Mhariri wa redio mwenye dakika 3 kabla ya taarifa ya saa 7 hafiki huko. Na chini hapakuwa na jina wala simu ya mtu wa kuulizwa, kwa hiyo hata aliyefika hana pa kupiga.

Mwenzangu alishuka kutoka 4 hadi 2. Mimi kutoka 3 hadi 2. Kazi imefanyika, kiasi kipo, mfano una kasoro kubwa.

Mitandao haikutuchukua muda. Sote tulikuwa tumetoa 3 kwa sababu ya namba: wafuasi wa ukurasa wa Facebook kutoka 1,100 hadi 14,600 ndani ya mwaka mmoja. Alikuwa ameweka anwani ya ukurasa, tukaufungua, kama tulivyofungua za wote waliotupa anwani zao. Picha za hafla, picha za hafla, picha ya keki. Chini ya tangazo la mafunzo, watu 4 wameuliza yajayo ni lini. Hakuna aliyejibiwa. Wafuasi unaweza kuwanunua kwa kulipia tangazo, na si dhambi, lakini jukumu letu lilisema kuendesha na kujibu maoni. Swali lisilojibiwa kuhusu cherehani ni hasara ndogo. Kuhusu dawa ya maji ni uvumi umeshapata pa kulala. Tukaweka 2.

Mwenzangu akataka kumwongezea kidogo kwa sababu wasifu ulisema anaandika na kutangaza kwa Kiha. Nilimwelewa. Kwa vijiji vyetu hiyo ni dhahabu. Lakini tangazo halikukitaja Kiha, na walioomba wengine wangeweza kuwa nacho na wasikiandike kwa kuwa hatukuuliza. Kosa ni letu la kutokiweka. Huwezi kulisahihisha ndani ya fomu ya mtu mmoja.

Basi: 20 ya taarifa, 12.5 ya mitandao, 26.25 ya dharura. Jumla 58.75.

Tukatazamana. Kizingiti ni 60, na tulikuwa tumetoka tu kumsoma mtu ambaye tungependa awe upande wetu siku boti ikizima. Hapo ndipo watu hupandisha alama. Unarudi kwenye mitandao, unajiambia 2 ilikuwa kali, unaweka 3, inakuwa 65, unalala vizuri. Nimeshafanya hivyo miaka ya nyuma, sitajitakasa. Shida ni kwamba ukimfanyia huyu kwa kuwa umempenda, aliye na 57.5 ambaye hukumsoma kwa mapenzi hayo hapati.

Tulichofanya ni kuangalia kipimo chenyewe. Nilisema ushike zile namba tatu. Hatua ndogo kabisa kwenye fomu yetu ni 6.25. Hakuna namna msaili anaweza kumtofautisha mwombaji kwa 1.25, rula yetu haina mistari midogo kiasi hicho. Zile desimali zinatokana na kuzidisha tu, wala si kwa kuona sana. Kwa hiyo kusema 60 amepita na 58.75 ameanguka ni kudai macho ambayo hatuna. Tukaandika uamuzi kwenye kumbukumbu za kikao, na kuutumia kwa wote: yeyote aliye chini ya 60 kwa pungufu ya hatua ndogo moja, yaani kuanzia 53.75, anasomwa na mtu wa tatu ambaye hajaona fomu zetu. Walikuwa 3, naye akiwamo.

Msomaji wa tatu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa utangazaji, mtu wa Ujiji, asiyependa kuelezwa kazi mara mbili. Alirudisha fomu kesho yake: 3, 2, 2. Yaani 30, 12.5 na 17.5. Jumla 60 kamili, nikadhani ananitania.

Tulimuuliza kuhusu taarifa, kwa nini 3 na aya ya kwanza iko vile. "Kijana," akasema, "wewe umewahi kuandika taarifa ya asasi na mwenyekiti asikurudishie umtaje mgeni rasmi juu? Kichwa kile kimeandikwa na mtu anayejua. Aya ile imeandikwa na mwenyekiti." Sikuwa na jibu. Bado naona sampuli unayoituma kuombea kazi unaweza kuisafisha, lakini hoja yake ni ya mtu aliyekula chumvi kwenye hicho chumba.

Kwenye dharura alikuwa mkali kuliko sisi. Alizungushia kalamu ule mstari wa boti na kuandika pembeni maneno mawili: "Nani aliidhinisha?" Tangazo letu linasema kwa idhini ya mkurugenzi. Mstari unasema niliandika, nikahuisha, nikaandaa. Hausemi nani alisoma kabla haijaenda redioni. Kwa hiyo tunajua anaandika haraka, hatujui kama anaweza kuzuiwa. Kwake hilo ni 2 hadi lijibiwe, na wasifu hauwezi kulijibu.

Waliopita 60 kwa kusomwa mara ya kwanza walikuwa 5, nasi tulikuwa na nafasi 6 za usaili. Kati ya wale 3 waliosomwa upya, huyu ndiye pekee aliyefika. Akaitwa, na fomu yake ikaenda kwenye jopo ikiwa na maswali 2 yameandikwa juu: zile 40 ni taarifa ngapi na mialiko mingapi, na lile la mzee.

Siku ya usaili kulikuwa na jaribio la dakika 30 kwa wote 6. Saa 1 asubuhi ujumbe wa sauti unasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kwamba watu 3 wamekufa kijijini baada ya kunywa maji yenye dawa yetu. Saa 2 mwandishi wa redio anapiga simu. Andika utakachomwambia mwandishi, andika ujumbe wa kurudisha kwenye makundi, na taja utakaowapigia simu kwa mpangilio. Wawili kati ya wale 5 wa mwanzo, wenye alama za juu, walikanusha vifo papo hapo. Hawakuwa na njia ya kujua. Namba 17, ambaye sasa alikuwa dada mwembamba wa miaka 30 hivi, alianza na simu: mhudumu wa afya wa kijiji, Mganga Mkuu wa Wilaya, mkurugenzi wetu, ndipo mwandishi. Kwa mwandishi aliandika kwamba tumesikia madai hayo, hatuwezi kuyathibitisha wala kuyakanusha, suala la vifo litasemwa na mamlaka ya afya, na tutampigia tena saa 4. Maoni kwenye makundi aliyasahau kabisa. Aliandika ujumbe mmoja wa kutuma, bila kusema nani atakaa kujibu. Ule ukurasa wa Facebook haukuwa umemsingizia.

Kuhusu zile 40, alisema bila kuzunguka kwamba kama 15 zilikuwa mialiko.

Kisha nikamsomea mstari wa boti na kumuuliza swali la mzee. Alinyamaza kidogo.

"Bosi alikuwa safarini, simu haipatikani," akasema. "Nilikwenda kwa ofisa wa zamu bandarini nikamsomea. Akafuta mstari mmoja."

"Upi?"

"Nilikuwa nimeandika boti itafika saa 12 asubuhi. Nahodha ndiye aliyeniambia hivyo. Yule ofisa akasema, andika saa ya kutoa taarifa, usiandike saa ya boti kufika." Akaangalia mikono yake. "Ilifika saa 2 na nusu."

Mzee wa Ujiji, aliyekuwa amekaa pembeni kama mwalikwa, akaomba fomu yake. Akakata 2, akaandika 3, akaweka saini pembeni na tarehe.